Nambari ya malipo kwenye ankara: jinsi ya kuifanya pesa ya M-Pesa itambue deni lake

*Mimi na mume wangu tunasambaza maji ya lita 20 na gesi kwa wateja wa mkopo wapatao 140 hapa Mombasa. Kila mwezi tunatoa ankara, na chini yake tumeandika nambari yetu ya Till. Pesa zinaingia, lakini kila mwisho wa mwezi nakaa siku mbili nzima nikitafuta nani amelipa nini. Kijana wetu anajua kuandika programu. Tuandike nini kwenye ankara ili malipo yajipange yenyewe?*

Kikwazo cha kwanza, dada yangu, ni hiyo Till. Mteja anapolipa kwa Till, simu humuuliza nambari ya till, kiasi na PIN, basi. Hakuna mahali pa kuandika neno lolote linalohusu ankara, na hata mkiichapisha nambari ya ankara kwa wino mwekundu, haina njia ya kusafiri pamoja na pesa. Nafasi hiyo ipo kwenye Paybill, ambako baada ya nambari ya biashara simu huuliza nambari ya akaunti, na chochote atakachoandika mteja hapo huwafikia pamoja na malipo, kama alivyokiandika. Kwa hiyo ombeni Paybill ya Safaricom kwa jina la biashara yenu, na Till ibaki kwa mtu anayenunua dukani na kuondoka.

Msikubali njia ya mkato ya kutumia Paybill ya benki yenu. Benki nyingi zina Paybill moja kwa wateja wote, na nambari ya akaunti inayoandikwa pale ni akaunti yenu ya benki, kwa hiyo nafasi tunayoitafuta huwa tayari imeshakaliwa. Ziko benki zinazomruhusu mlipaji aongeze rejea baada ya alama ya #, lakini kumtaka mwenye kioski aandike nambari ndefu ya akaunti, kisha alama, kisha nambari nyingine tena, ni kuyakaribisha makosa.

Huenda kijana wenu akapendekeza kumtambua mteja kwa nambari yake ya simu. Asijisumbue. Siku hizi taarifa ya malipo ya Paybill inayofika kwenye programu yenu huwa imeficha nambari ya mlipaji, na hata ingekuja wazi, anayelipa ankara ya mkahawa mara nyingi si mwenye mkahawa: leo ni keshia, kesho ni mke, keshokutwa ni shemeji aliyeombwa asaidie. Kiasi nacho hakitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu katika wateja 140 hamtakosa wawili wanaodaiwa shilingi 2,500 katika wiki moja.

Inabaki nambari ya malipo yenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Napendekeza kila ankara ipewe nambari yake ya tarakimu saba, isiyo na herufi hata moja. Tarakimu tatu za mwanzo zimtaje mteja, tatu zinazofuata zitaje ni ankara ya ngapi ya mteja huyo, na ya mwisho iwe tarakimu ya ukaguzi, ambayo nitaieleza punde. Wateja wenu waanze kuhesabiwa 101, ili nambari isianze kamwe na sifuri. Mkahawa uliopewa 142, ukipelekewa ankara yake ya 37, utakuwa na 142, kisha 037, kisha tarakimu ya ukaguzi.

Kuna wanaoona kwamba nambari inayopanda tu, ankara ya 1, ya 2, ya 3 kwa wateja wote, ingetosha. Kwenye karatasi inatosha. Lakini watu hawalipi kwa kusoma karatasi kila mara; mteja aliyelipa vizuri mwezi wa Machi hufungua ujumbe wake wa M-Pesa wa Machi na kurudia nambari ileile mwezi wa Aprili. Kama nambari ni ya ankara tupu, programu itakuta ankara iliyokwisha kulipwa na haitajua la kufanya. Kama mteja amo ndani ya nambari, programu itamjua bado, na itaihamishia pesa kwenye ankara yake iliyo wazi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuichanganya nambari ya mteja na ya ankara badala ya kuchagua moja.

Kuhusu herufi na sifuri za mwanzo, nasema kwa uchungu. Biashara moja niliyoifanyia kazi ilikuwa na rejea zinazoanza kwa sifuri mbili, na kila taarifa ya malipo ilipofunguliwa katika Excel sifuri zile zilimezwa, 0045120 ikawa 45120, na mimi ndiye niliyekuwa nimeupanga mfumo huo. Herufi zina shida yao: O na 0 hufanana, I na 1 hufanana, na kwenye simu ya vibonye mtu hubonyeza mara tatu kupata herufi moja, akachoka, akaandika “maji”.

Tarakimu ya ukaguzi ni ulinzi dhidi ya kidole kilichoteleza. Bila hiyo, mteja akikosea tarakimu moja anaweza kuangukia nambari halali ya mteja mwingine, na kosa la namna hiyo ni baya kuliko malipo yasiyojulikana, kwa kuwa halionekani mpaka mtu alalamike. Tumieni kanuni ya Luhn, ileile inayolinda nambari za kadi za benki. Inafanya kazi hivi kwa 142037. Anzia kulia: tarakimu ya kwanza ikunje mara mbili, ya pili iache, ya tatu ikunje, na kuendelea, jibu likizidi 9, toa 9. Saba ikikunjwa ni 14, ukitoa 9 inabaki 5. Tatu inabaki 3. Sifuri ni 0. Mbili inabaki 2. Nne ikikunjwa ni 8. Moja inabaki 1. Jumla ni 19, na ili kufika 20, kumi kamili inayofuata, inapungua 1. Basi tarakimu ya ukaguzi ni 1, na nambari ya malipo ni 1420371.

Sasa mteja akiandika 1402371, yaani amepindua 2 na 0, hesabu hiyohiyo ikifanywa kwa nambari yote, huku ile tarakimu ya mwisho ikiachwa bila kukunjwa, italeta 22 badala ya 20, na programu itajua papo hapo kwamba hiyo si nambari iliyotoka kwenu. Kanuni hii hunasa kila kosa la tarakimu moja, na hunasa karibu kila upinduaji wa tarakimu mbili zilizokaribiana. Inayoiponyoka ni 09 kugeuka 90 au kinyume chake. Kwa biashara ya ukubwa wenu hilo halinikoseshi usingizi.

Namna ya kuichapisha ina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ankara ya Kenya siku hizi imejaa nambari: PIN ya KRA, nambari zinazoletwa na eTIMS, nambari ya hati ya kupeleka mzigo, simu ya ofisi. Mteja akiambiwa “andika nambari ya akaunti”, atachukua yoyote iliyo karibu na macho. Kwa hiyo kisanduku cha malipo kikae mara tu chini ya jumla, kwa maandishi makubwa kuliko mengine yote isipokuwa jumla yenyewe, na kitumie maneno yaleyale ambayo mteja atayaona kwenye simu, kwa mpangilio uleule atakaoulizwa:

```
Lipa na M-PESA > Pay Bill
Business no.:  600000
Account no.:   142 0371
Amount:        KSh 12,400
```

Hiyo 600000 ni ya mfano, wekeni yenu. Neno “Account no.” lisitumike mahali pengine popote kwenye karatasi hiyo. Kama wateja wenu wengi wana menyu ya Kiswahili, chapisheni kwa Kiswahili. Nimeacha nafasi katikati ya 142 na 0371 kwa sababu jicho hukamata tarakimu tatu na nne kwa urahisi kuliko saba mfululizo, na mteja akiiandika nafasi hiyo kwenye simu hakuna hasara, kama tutakavyoona. Kiasi kiwe shilingi kamili. Kodi ikiifanya jumla kuwa 12,399.60, mteja hatatuma senti, na programu itaacha deni la senti kadhaa likining'inia mwaka mzima; afadhali mkadirishe kwenye ankara yenyewe na mwonyeshe mstari wa ukadirishaji. Chini ya kisanduku ongezeni sentensi moja inayosema nani anabeba ada ya muamala, maana wako wateja wanaotoa ada hiyo kwenye deni kisha wakatuma pungufu kwa moyo safi kabisa.

Ankara zinazopelekwa kwa WhatsApp zina jambo lake dogo. Tumeni faili la ankara, kisha tumeni nambari ya malipo peke yake katika ujumbe wa pili, bila salamu wala maelezo. Mteja akiubana ujumbe huo kwa kidole atanakili nambari tupu na kuibandika kwenye programu ya M-Pesa. Mkiichanganya na maneno mengine, atanakili na “Asante kwa kufanya biashara nasi”.

Upande wa kupokea, kijana wenu atajisajili kwenye Daraja, jukwaa la Safaricom la waandishi wa programu, na kuandikisha anwani mbili za seva yenu, `ValidationURL` na `ConfirmationURL`. Anwani hizo ziwe za https, na zisiwe na maneno kama mpesa au safaricom ndani yake, kwa sababu hukataliwa. Malipo yakikamilika, M-Pesa hutuma kwenye `ConfirmationURL` taarifa ambayo sehemu zake zinazowahusu ni hizi:

```
"TransID": "TC64XY7QPM",
"TransTime": "20250306184512",
"TransAmount": "10000.00",
"BusinessShortCode": "600000",
"BillRefNumber": "142 0371"
```

`BillRefNumber` ndiyo ile nambari ya akaunti, kama kidole cha mteja kilivyoiandika. Kabla ya kuitafuta popote, programu iondoe kila kisicho tarakimu: nafasi, vistari, neno “INV” ambalo mtu ameona vyema kuliongeza. Kisha ihakikishe zimebaki tarakimu saba na kwamba zinapita hesabu ya Luhn. Hapa urefu wa saba unasaidia pia, kwani mtu akiandika nambari yake ya simu zitakuwa kumi na itajulikana mara moja. `TransID` ni nambari ya risiti ya M-Pesa, nayo katika hifadhidata yenu iwekwe kama kitu kisichoweza kurudiwa, kwa sababu taarifa moja inaweza kufika mara mbili, na bila kizuizi hicho mteja atahesabiwa kuwa amelipa mara mbili.

Tuufuate mkahawa wetu wa 142. Ankara yake ya 37 ni ya shilingi 12,400. Tarehe 6 Machi, saa kumi na mbili na dakika 45 jioni, keshia anatuma 10,000, na ndiyo taarifa mnayoiona hapo juu. Programu inaondoa nafasi, inapata 1420371, Luhn inakubali, mteja 142 yupo, ankara ya 37 iko wazi. Inaandika malipo ya 10,000 na kuacha deni la 2,400; haifungi ankara, wala haikatai kwa kuwa kiasi hakilingani. Hili nalisisitiza, kwani waandishi wengi wa programu hutaka kiasi kifanane kikamilifu. Watu hulipa kwa vipande, na ankara kubwa hulipwa kwa vipande hata mteja asipopenda, kwa kuwa M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Siku mbili baadaye inaingia 2,400 kwa nambari ileile, na ankara inafungwa.

Aprili mkahawa unapata ankara ya 38, ambayo nambari yake ya malipo, kwa hesabu ileile, ni 1420389. Keshia hasomi karatasi. Anarudia 1420371 na kutuma 9,800. Programu inaona ankara ya 37 imefungwa, inamtambua mteja, inatafuta ankara yake ya zamani zaidi iliyo wazi, inaikuta ya 38 na kuiwekea pesa. Iweke na alama ndogo kwamba malipo haya yalihamishwa, ili mteja akiuliza muweze kumwonyesha. Kama hana ankara yoyote iliyo wazi, pesa ibaki kama salio lake la mbele. Mpaka hapa hakuna mtu aliyegusa kitu.

Yale yasiyopita Luhn, au ya mteja asiyekuwepo, yaende kwenye orodha ya malipo yasiyotambulika, na hapo jina la mlipaji na kiasi vitumike kukupendekezea wewe nani huenda amelipa, lakini uamuzi uwe wako. Programu isioanishe kwa kiasi peke yake, hata siku ambayo ni mteja mmoja tu anayedaiwa kiasi hicho.

Je, mnaweza kumzuia mteja aliyekosea kabla pesa haijatoka? Mnaweza, kwa `ValidationURL`, ila huduma hiyo haiwashwi mpaka muiombe Safaricom. Ikishawashwa, M-Pesa huiuliza seva yenu kabla ya kukamilisha malipo, na seva ikijibu hivi, muamala hukataliwa kwa sababu ya nambari ya akaunti isiyo sahihi:

```
{ "ResultCode": "C2B00012", "ResultDesc": "Rejected" }
```

Jibu la kukubali lina `ResultCode` ya `0`. Seva ina kama sekunde nane tu za kujibu. Ikinyamaza, M-Pesa hufuata `ResponseType` mliyoandikisha: `Completed` huacha malipo yapite, `Cancelled` huyakataa. Chagueni `Completed`. Umeme ukikatika ofisini kwenu jioni ya mwisho wa mwezi, heri mpokee pesa msizozitambua kuliko kuwarudisha wateja waliokuwa tayari kulipa.

Na msiiwashe mwezi wa kwanza. Wateja 140 waliozoea Till watakuwa bado wanaandika majina yao, na mkikataa malipo ya nusu yao mtashinda mnapokea simu. Acheni malipo yote yapite kwa miezi miwili, huku mkiiangalia ile orodha ya yasiyotambulika: inawaonyesha kwa majina ni akina nani wanahitaji kupigiwa simu na kuelezwa kisanduku kiko wapi. Orodha ikishapungua hadi malipo machache kwa mwezi, washeni ukaguzi, na mkatae kwa sababu moja tu, nambari isiyopita Luhn au isiyo na mteja. Nambari ya ankara iliyofungwa ikubaliwe, na kiasi chochote kikubaliwe.

Kwa wateja mnaoongea nao kwa simu, mnaweza pia kuwatumia ombi la malipo la STK, ambapo mteja huona kiasi tayari kimejazwa na kazi yake ni kuweka PIN tu. Nafasi ya `AccountReference` hapo ina kikomo cha herufi 12, na tarakimu zetu saba zinaingia bila shida. Kiasi hupokewa kwa shilingi kamili, sababu nyingine ya ule ukadirishaji.

Wasomaji wa Tanzania wanaotumia M-Pesa ya huko watakuta mpango uleule kwa maneno mengine: simu huuliza namba ya kampuni, kisha namba ya kumbukumbu ya malipo, na kisanduku cha ankara kitumie maneno hayo. Wao wamekwisha kuzoea jambo hili, kwa kuwa malipo ya serikali kupitia GePG hutolewa kwa namba ya tarakimu 12 inayozalishwa kwa kila ankara.

Kazi moja inabaki kwa mkono, na ni ya dakika kumi kila asubuhi. Seva ikizimika, taarifa za `ConfirmationURL` zinaweza kupotea ingawa pesa imeingia. Kwa hiyo pakua taarifa ya jana kutoka kwenye tovuti ya M-Pesa ya wenye Paybill, ambayo ina safu ya `Receipt No.`, ya `Paid In` na ya `A/C No.`, na mwambie kijana aandike sehemu ya programu inayoisoma. Kila `Receipt No.` ambayo haimo kwenye hifadhidata kama `TransID` ipitishwe katika hatua zilezile, kuondoa visivyo tarakimu, Luhn, mteja, ankara. Kisha jumla ya `Paid In` ya siku ilingane na jumla ya malipo katika hifadhidata, yale yasiyotambulika yakiwemo. Zisipolingana, tofauti hiyo itafutwe asubuhi hiyohiyo, wakati miamala ya kupekua ni ya siku moja.